Mafuta Hayana Ugomvi na Maji

Muulize mtu yeyote aliyepita shule kwa nini mafuta na maji havichanganyiki, na utapata moja kati ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba mafuta ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu. La pili, ambalo husemwa kwa sauti ya mtu anayejua zaidi, ni kwamba mafuta na maji vinachukiana: mafuta huyakimbia maji, na maji huyasukuma mafuta. Jibu hili la pili limeingia katika mazungumzo yetu yote. Mke na mume wakishindwana, tunasema ni mafuta na maji. Vyama viwili vya siasa vikigombana, tunasema hivyo hivyo. Mimi napinga majibu yote mawili. La kwanza halina uhusiano na swali. La pili limegeuza ukweli juu chini, na limewazuia wanafunzi wengi wazuri kuelewa jambo ambalo lingewafungulia sehemu kubwa ya kemia.

Hilo la uzito tulimalize haraka. Spiriti safi, yaani ethanoli, ina uzito wa gramu 0.79 kwa kila mililita. Mafuta ya kupikia yana takriban gramu 0.92. Ethanoli basi ni nyepesi kuliko mafuta, na kama wepesi ungekuwa ndiyo sababu, ingeelea juu ya maji kwa ukaidi zaidi kuliko mafuta yenyewe. Badala yake huchanganyika na maji kwa kiwango chochote upendacho, na ukishatikisa huoni tena mpaka kati yao. Sasa tazama upande wa pili. Kule Pemba makonyo ya karafuu hukenekwa kwa mvuke ili kutoa mafuta. Mvuke hupita kwenye makonyo, hubeba mafuta, kisha hupozwa na kugeuka kimiminika ndani ya chombo cha kupokelea. Mafuta hayo hukaa chini, maji yakiwa juu, kwa sababu mafuta ya karafuu yana zaidi ya gramu 1.04 kwa mililita. Yamezama, lakini hayakuchanganyika. Uzito huamua nani akae juu na nani akae chini baada ya vitu viwili kukataa kuungana. Hauamui kama vitaungana.

Jibu la chuki ndilo linalohitaji kazi, kwa sababu lina ushahidi unaoonekana. Angalia mchuzi uliopoa kidogo: mafuta yamejikusanya katika miduara, na miduara miwili ikigusana huungana kuwa mmoja mkubwa. Nani asiyeona hapo kwamba mafuta yanayakimbia maji na kutafutana yenyewe? Naukubali ushahidi huo kama ulivyo. Ninachokataa ni tafsiri yake.

Chukua bakuli pana lililooshwa na kusuuzwa vizuri sana, ulijaze maji masafi, unyunyizie juu yake pilipili manga iliyosagwa au poda nyepesi. Chovya ncha ya kijiti katika mafuta ya kupikia, ifute karibu ibaki kavu, kisha iguse katikati ya maji. Poda itakimbilia kandoni mara moja, kwa sababu mafuta yametandaa juu ya maji kwa kasi. Jaribio likigoma, karibu kila mara ni kwamba bakuli lilikuwa na mabaki ya sabuni au mafuta, na uso wa maji ulikuwa umeshafunikwa kabla hujaanza. Benjamin Franklin alilifanya jambo hili kwa ukubwa katika bwawa la Clapham, London, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1774. Kijiko cha chai cha mafuta kilituliza mawimbi katika nusu ekari ya maji. Ukigawa kijiko hicho kwa eneo hilo unapata utando wa unene wa nanomita moja au mbili hivi, yaani urefu wa molekuli moja. Nauliza kwa dhati: kitu kinachoyachukia maji, kwa nini kijitandaze juu yake mpaka kila molekuli iguse maji, wakati kingeweza kujikunja kuwa tone na kuyaepuka? Miduara ya mchuzi hujitokeza baadaye, uso wa maji ukishafunikwa na utando huo na mafuta yaliyozidi yakakosa nafasi.

Mpinzani makini ataniambia kwamba mafuta ya kupikia si shahidi mwema. Kila molekuli yake ina sehemu zenye oksijeni, na huenda ni hizo zinazopenda maji huku mikia mirefu ikiyachukia. Ni pingamizi la haki, kwa hiyo tuyaache mafuta ya kupikia na tumchukue shahidi asiye na oksijeni hata moja: heksani, kimiminika cha jamii ya petroli, atomu 6 za kaboni na 14 za haidrojeni, basi.

Kuna kipimo kinachotuambia vimiminika viwili vinashikana kiasi gani. Ni kazi inayohitajika kutenganisha mita moja ya mraba ya mahali vinapogusana. Athanase Dupré wa Ufaransa alionyesha katika karne ya 19 jinsi ya kuihesabu kutokana na mvutano wa nyuso za vimiminika, na mvutano huo hupimwa maabara bila shida. Kutenganisha heksani na heksani kunagharimu takriban milijuli 37 kwa mita ya mraba. Kutenganisha heksani na maji kunagharimu takriban 40. Kutenganisha maji na maji kunagharimu takriban 146.

Namwomba msomaji akae na namba hizo tatu kidogo, maana kesi yote imo humo. Heksani hushikana na maji kwa nguvu ileile inayotumia kushikana na heksani mwenzake, hata zaidi kidogo. Hakuna kusukumana popote. Upande wa mafuta hakuna sababu yoyote ya kuyakimbia maji. Kinachotisha ni namba ya tatu: maji hushikana yenyewe kwa yenyewe karibu mara nne ya vyote hivyo. Mafuta hayakukimbia mahali popote. Yameachwa nje na maji yasiyotaka kuachana.

Wala si mimi niliyegundua hili. Joel Hildebrand, mkemia wa Berkeley aliyetumia maisha yake kuchunguza miyeyusho, aliandika mwaka 1968 kupinga lugha ya woga na chuki, akisema kwamba kati ya maji na mafuta ya jamii hii hakuna chuki. Kuna mvuto usiotosha kuyaachanisha maji. Mwaka 1979, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 95, aliirudia hoja hiyo kwa maandishi. Inanisikitisha kwamba jambo lililosemwa waziwazi hivyo na mtu wa hadhi ile bado halijafika katika madarasa mengi.

Kwa nini maji hushikana hivyo? Molekuli ya maji ni oksijeni moja na haidrojeni mbili, na haikunyooka. Imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni upande wake kwa nguvu, kwa hiyo upande wake huwa hasi kidogo na pande za haidrojeni huwa chanya kidogo. Molekuli ya namna hii, yenye ncha mbili za umeme, huitwa polari. Lakini upolari peke yake haufikishi maji yalipo. Haidrojeni iliyonyang'anywa elektroni zake kiasi hicho huwa karibu tupu, na kwa udogo wake huweza kuisogelea sana oksijeni ya molekuli jirani na kuing'ang'ania. Huo ndio mshiko tunaouita kifungo cha haidrojeni. Ni dhaifu mno ukilinganisha na kifungo kinachoishika haidrojeni ndani ya molekuli yake mwenyewe, lakini kila molekuli ya maji inaweza kushiriki katika vinne: haidrojeni zake mbili zinatoa, na oksijeni yake inapokea viwili. Ni kama mtu mwenye mikono minne katikati ya umati wa watu wa mikono minne. Ndiyo maana maji huchemka kwa nyuzi 100 ilhali haidrojeni salfaidi, ambayo molekuli yake ni nzito karibu mara mbili ya ile ya maji, huchemka kwa nyuzi 60 chini ya sifuri.

Hapa vitabu vingi huongeza sentensi moja inayoonekana ya kawaida: kwamba mafuta yakiingia majini huvunja vifungo hivyo vya haidrojeni, na kwa kuwa mafuta hayalipi nishati iliyopotea, mchanganyiko hukataliwa. Sentensi hiyo iko karibu na ukweli, lakini ikipimwa inashindwa. Kama vifungo vingekuwa vinavunjika bila kulipwa, kuyeyusha heksani kidogo majini kungefyonza joto jingi. Wanasayansi wamepima, na katika nyuzi 25 joto linalofyonzwa au kutolewa ni karibu sifuri. Hata hivyo heksani haiyeyuki: lita moja ya maji huchukua takriban miligramu 10 tu.

Maelezo yake ni haya. Molekuli ya maji iliyo kando ya heksani haikubali kubaki na mkono mtupu. Hujigeuza, ikajipanga kwa ubavu ili mikono yake yote iendelee kuwashika maji wenzake, isielekee kwenye heksani ambako hakuna cha kushika. Vifungo vinabaki. Kinachopotea ni uhuru. Molekuli ambayo ilikuwa inageuka huku na huko kila sehemu ndogo ya sekunde, sasa ina namna chache zaidi za kukaa. Wakemia huupima uhuru huo kwa jina la entropia, na maumbile hayatoi uhuru bure. Heksani mbili zikikutana ndani ya maji, eneo lililokuwa linawabana majirani linapungua na maji yanarudishiwa uhuru wake. Ndicho unachokiona katika ile miduara ya mchuzi inayoungana. Inaonekana kama mafuta yanatafutana, kumbe maji yanajirudi.

Ongeza moto na hutabadili matokeo, kama ajuavyo kila aliyechemsha supu ya mifupa kutwa nzima na kukuta mafuta yako pale pale. Joto likipanda, ile gharama ya uhuru hupungua kweli, kwa kuwa majirani wa mafuta huacha kujipanga kwa uangalifu. Lakini wakiacha kujipanga, vifungo huanza kuvunjika, na gharama ya nishati hupanda kufidia. Jumla inabaki karibu ile ile. Inabidi uyafungie maji katika chombo cha shinikizo na kuyapasha hadi nyuzi 250 na zaidi ndipo mshikamano wake unapolegea kiasi cha kufanana na spiriti ya kawaida, na hapo huanza kuyeyusha mafuta mengi yaliyokuwa yakikataliwa.

Ethanoli basi inafanyaje? Ina upande mmoja wa oksijeni na haidrojeni, sawa na kipande cha maji, na upande wa pili wa kaboni mbili, sawa na kipande kifupi cha mafuta. Ikiingia majini, ule upande wa kwanza hushika na kushikwa, na gharama ya mkia mfupi inalipwa ikabaki ziada. Pima mililita 50 za ethanoli safi na 50 za maji, uchanganye. Chombo kitapata joto mkononi mwako, na ukisoma ujazo utakuta takriban 97, si 100. Joto hilo linaonyesha kwamba vifungo vipya vimefungwa, na upungufu wa ujazo unaonyesha kwamba molekuli zimekaribiana kuliko zilivyokuwa peke yake.

Refusha mkia na utaona jinsi hesabu inavyobadilika hatua kwa hatua. Alkoholi ya kaboni tatu bado huchanganyika na maji kabisa. Ya kaboni nne zilizonyooka, butanoli, huyeyuka takriban gramu 7 hadi 8 tu katika gramu 100 za maji. Ya kaboni tano ni kama gramu 2, na ya kaboni sita haifiki gramu moja. Hakuna mahali ambapo upendo unageuka kuwa chuki. Upande unaoshika ni ule ule mmoja, na kila kaboni inayoongezwa inaongeza eneo ambalo maji lazima yajipange kulizunguka.

Ndiyo maana ile kanuni tunayoikariri, kwamba kifananacho huyeyusha kifananacho, naiona ni nzuri kwa kuanzia na hatari kwa kuishia. Haisemi kufanana katika jambo gani, wala kwa kiasi gani. Mtu aliyeikariri atakwambia kwamba ethanoli, kwa kuwa ina upande wa mafuta, huyeyusha mafuta. Mpe ethanoli na mafuta ya nazi katika joto la kawaida: kiasi kidogo tu kitayeyuka, kingine kitatulia chini. Ethanoli nazo zimeshikana zenyewe kwa vifungo vya haidrojeni, japo si kwa ukali wa maji, na molekuli kubwa ya mafuta ya nazi haina mkono wa kujitambulisha nao. Sasa mpe mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo. Haya huchanganyika na ethanoli safi kabisa. Nayo ni mafuta ya mmea, mazito na ya kunata kuliko ya nazi. Tofauti ni kwamba karibu sehemu tisa kwa kumi za asidi zake za mafuta ni asidi ya risinoleiki, ambayo katikati ya mkia wake ina oksijeni na haidrojeni zilizoungana, mkono mmoja wa ziada. Mkono huo unatosha kwa ethanoli. Kwa maji hautoshi, na mafuta ya mbarika hayaingii majini.

Turudi kwenye karafuu, maana huko hesabu hii ina thamani ya pesa. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, molekuli ya kaboni 10 yenye mkono mmoja wa kutoa haidrojeni, na hata huo huinamia oksijeni nyingine iliyo jirani katika molekuli ile ile. Mkono mmoja kwa kaboni 10 ni mchache mno kwa maji: lita moja huchukua gramu mbili na ushei. Kwa ethanoli ni zaidi ya wa kutosha. Na kwa mchanganyiko wa ethanoli sehemu 70 na maji sehemu 30, bado unatosha. Ndiyo asili ya kipimo cha zamani cha wanunuzi wa mafuta ya karafuu: mililita moja ya mafuta halisi lazima iyeyuke ikawa maji maji angavu katika mililita mbili za ethanoli ya asilimia 70.

Aliyeghushi kwa mafuta ya kupikia au ya taa hapiti hapo. Ethanoli safi ingeweza kuwa mpole kwa mafuta ya taa, lakini yale maji ya asilimia 30 yamekaza mshikano wa mchanganyiko mzima, na kisichokuwa na mkono kinaachwa nje kama matone madogo yanayotawanya mwanga. Chupa inakuwa na ukungu. Weupe huo huo utauona ukichukua mafuta halisi yaliyokwisha yeyuka katika ethanoli na kuongeza maji kidogo kidogo: kwa muda hakuna kinachotokea, kisha tone moja linazidisha na chote kinageuka rangi ya maziwa. Mafuta hayakubadilika na ethanoli bado imo, ila maji yamekuwa mengi kiasi cha kuanza kushikana tena yenyewe.

Anayeamini kwamba mafuta huelea kwa sababu ni mepesi atayaona mafuta halisi ya karafuu yamezama na kuyashuku. Anayeamini katika chuki atashangaa kwa nini yameyeyuka katika kitu chenye maji asilimia 30. Wote wawili watapotoka mbele ya chupa iliyo wazi kabisa.

Kipimo hicho kina udhaifu wake: mwenye kuongeza ethanoli yenyewe ndani ya mafuta ili kuongeza ujazo atapita bila ukungu. Kwake kuna njia nyingine. Weka katika silinda ya kupimia mililita 10 za mafuta na mililita 10 za maji yenye chumvi kidogo, utikise kwa nguvu, uache itulie hadi tabaka mbili zitengane. Ethanoli iliyofichwa ndani ya mafuta itahamia kwenye maji, maana huko inapata mikono mingi zaidi ya kushika. Tabaka la mafuta likisomeka mililita 8.5 badala ya 10, ile moja na nusu iliyopotea ndiyo takriban kiasi cha spiriti ulichouziwa kwa bei ya karafuu.